Fonti ya chapa, au fonti yenye herufi zote?

"Kwa nini tubadilishe fonti ya shirika zima kwa sababu ya herufi mbili za Kikuyu, wakati kwenye kompyuta yangu zote zinaonekana?"

Aliyeuliza ni msanifu wa slaidi, na hoja yake haipaswi kupuuzwa. Shirika limenunua fonti, limeiweka kwenye nembo, barua na mabango. Sasa analetewa wasilisho la usalama wa moto kazini kwa lugha nne: Kiswahili, Kikuyu, Kiganda na Kilingala. Kiswahili hakimpi taabu, kwa kuwa herufi zake zote ziko kwenye kibodi ya kawaida, hata ng' inatosheka na alama ya ritifaa. Ndiyo maana wengi wetu huandaa slaidi kwa miaka bila kuona kisanduku kitupu hata kimoja mahali pa herufi, mpaka siku slaidi inapobeba lugha ya jirani.

Tuanze na hilo la "kwangu zinaonekana". Kwa kawaida faili ya wasilisho haihifadhi maumbo ya herufi. Huhifadhi namba ya kila herufi katika mfumo wa Unicode: ĩ ni U+0129, ũ ni U+0169. Ndani ya fonti kuna jedwali linaloitwa cmap, ambalo kazi yake ni kuambia programu namba fulani ina umbo gani. Namba isipokuwemo, programu ina njia mbili. Ya kwanza ni kuazima umbo hilo kutoka fonti nyingine iliyomo kwenye mashine ile ile. Ya pili ni kuchora umbo namba sifuri la fonti yenyewe, liitwalo .notdef, na hicho ndicho kisanduku.

PowerPoint huazima. Kwa hiyo neno mũtĩ litaonekana kamili kwa msanifu wetu hata kama fonti ya chapa haina ũ wala ĩ: m na t zitatoka kwenye fonti ya chapa, na zile mbili zitatoka labda kwenye Arial. Likuze neno mpaka asilimia 400 utazame. Utaona ũ ni nyembamba kidogo kuliko m iliyo kando yake, tumbo lake limekaa juu au chini ya mstari wa wenzake, na nafasi kati ya herufi imeyumba. Aya nzima ya hivyo hukaa kama imeandikwa na watu wawili. Kisha slaidi hiyo hiyo ikapelekwa kwenye programu ya kusanifu kurasa isiyoazima, InDesign kwa mfano, au kwenye seva ya kugeuza faili kuwa PDF ambayo ina fonti chache tu, na hapo visanduku hutokea. Kuonekana kwenye kompyuta ya mwandaaji kunathibitisha kwamba kompyuta ile ina herufi hizo mahali fulani. Kuhusu fonti hakuthibitishi lolote.

Lakini tusimhukumu msanifu haraka, maana huenda fonti yake inazo. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wa fonti hawalisemi waziwazi. Wakiandika kwamba fonti inahudumia Ulaya ya Kati, wanamaanisha Kipolandi, Kicheki, Kihungari na wenzao, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji ĩ wala ũ. Ahadi hiyo haimsaidii Mkikuyu. Lugha ya kutafuta kwenye orodha ni Kivietinamu, kwa sababu nacho kinatumia ĩ na ũ, ndogo na kubwa. Fonti inayohudumia Kivietinamu kikamilifu inahudumia Kikuyu bila muuzaji kujua, na tovuti ya Google Fonts inakuruhusu kuchuja kwa lugha hiyo. Kwa ŋ ya Kiganda, ile ya eŋŋoma, Kivietinamu hakifai kitu. Tafuta Kisami cha Kaskazini, lugha ya Skandinavia yenye herufi hiyo hiyo.

Kwa hiyo wasilisho lingeishia kwenye Kikuyu na Kiganda, ningeweza kabisa kusimama upande wa msanifu: hakiki fonti ya chapa, ikipita, endelea nayo. Fonti nyingi zilizotengenezwa kwa uangalifu hupita.

Kilingala ndicho kinachobadilisha hesabu. Maandishi yake rasmi yana ɛ na ɔ, na juu ya irabu hizo hukaa alama za toni. Herufi é ina namba yake moja, lakini ɛ́ haina. Huandikwa kwa namba mbili zinazofuatana, U+025B kisha U+0301, na ni kazi ya fonti kuipandisha alama juu ya herufi yake. Ili iweze, lazima mbunifu wake awe ameweka ndani ya kila herufi nukta ya kushikia alama. Fonti inaweza kuwa na ɔ, ikawa na alama ya toni, isioneshe kisanduku hata kimoja, na bado neno mɔ́tɔ likatoka na alama iliyoangukia kati ya herufi mbili au iliyobandikwa kwenye t. Ukaguzi wa kutafuta visanduku peke yake utaipitisha slaidi hiyo.

Upande wa pili una jibu hapa, tena lenye uzito: watu wa Kinshasa wenyewe huandika kila siku bila ɛ, bila ɔ, bila toni. Wakikuyu wengi nao kwenye simu huandika muti na maisha yanaendelea. Kwa nini slaidi iwe mkali kuliko wenye lugha? Kwa tangazo la mkutano, sioni neno la kupinga. Ila kwenye wasilisho letu, moto kwa Kilingala ni mtu, na mɔ́tɔ ndio moto wenyewe. Msomaji ataelewa kwa muktadha, sawa, lakini slaidi ya usalama inayomtaka abahatishe muktadha imeshaanza vibaya. Na kama mfasiri amelipwa kuandika kwa maandishi rasmi, msanifu hana mamlaka ya kumfutia alama ili fonti ipendeze.

Basi uhakiki ufanyike kabla ya usanifu. Mwenye Python na maktaba ya fontTools anamaliza kwa mistari mitatu:

```
from fontTools.ttLib import TTFont
cmap = TTFont("Chapa-Regular.ttf").getBestCmap()
print([c for c in "ĩũĨŨŋŊɛɔƐƆ\u0301" if ord(c) not in cmap])
```

Jibu likiwa `[]`, zote zimo. Usisahau herufi kubwa: ɛ inaweza kuwepo kwa ajili ya wanaisimu na Ɛ ikakosekana, halafu kichwa cha slaidi kikiandikwa kwa herufi kubwa tupu ndipo aibu inatokea. Rudia pia kwa faili ya herufi nzito, kwani Bold ni faili nyingine na si lazima iwe na idadi ile ile. Asiye na Python aandike maneno halisi, mũndũ, Ũ, eŋŋoma, mɔ́tɔ, kwa fonti husika, kisha akuze na kutazama kwa jicho. Hilo la kutazama halina mbadala hata kwa mwenye Python, maana jedwali haliwezi kukuambia alama imekaa wapi.

Ukiona ĩ yenye nukta ya i chini ya wimbi, usiilaumu fonti mara moja. Mara nyingi mfasiri ameandika i ya kawaida na kuiongezea wimbi la U+0303 badala ya kutumia ĩ moja. Na ukikuta "Ä©" mahali pa ĩ, hapo fonti haihusiki kabisa. Maandishi yamesomwa kwa usimbaji usio sahihi njiani, na utabadilisha fonti mpaka kuche bila kupata nafuu.

Tuseme fonti ya chapa imepita Kikuyu na Kiganda, ikashindwa Kilingala. Kambi moja itasema hamisheni wasilisho zima kwenye Noto Sans, au Charis na Andika za shirika la SIL, ambazo zimetengenezwa kwa kazi hii hasa na ni za bure kisheria. Faida yake ni usawa: hakuna lugha inayoonekana kama mtoto wa kambo. Gharama yake huonekana kwenye mpangilio. Noto Sans ina mistari mirefu, karibu mara 1.36 ya ukubwa wa herufi, wakati Calibri ni kama 1.22. Aya ya mistari 10 yenye ukubwa wa pointi 20 inayochukua pointi 244 kwa Calibri itachukua 272 kwa Noto, yaani zaidi ya mstari mmoja mzima, na herufi zake ni pana zaidi, kwa hiyo huenda hata mistari yenyewe ikawa 11. Slaidi 40 zilizopangwa kwa Calibri zitafurika. Ukiweka nafasi ya mistari kuwa Exactly pointi 24 unarudisha urefu, ila upana utabaki tatizo lako.

Mimi nakaa katikati, kwa sharti moja: mpaka wa fonti upite kati ya lugha na lugha, usipite kamwe ndani ya neno. Lugha ikikosa herufi moja tu kwenye fonti ya chapa, slaidi zote za lugha hiyo, vichwa na maelezo, zihamie fonti nyingine. Kiswahili, Kikuyu na Kiganda vibaki na chapa. Kilingala kiwe chote kwa Noto Sans. Nembo haiguswi, ni picha. Ila pale slaidi moja inapoweka lugha mbili bega kwa bega, ukitaka zilinganishwe, hapo nakubaliana na kambi ya fonti moja, kwa sababu tofauti ya maumbo itasomwa kama tofauti ya umuhimu.

Limebaki suala la kusafirisha faili. PowerPoint inaweza kupachika fonti ndani ya wasilisho, kupitia File, Options, Save, kisha Embed fonts in the file, iwapo leseni ya fonti inaruhusu. Hapo pana chaguo mbili. Ile ya kupachika herufi zilizotumika tu hupunguza ukubwa wa faili, lakini mwenzako wa Kampala akisahihisha neno na kuongeza Ŋ ambayo haikuwemo, ataazimiwa nyingine bila kuambiwa. Kama faili itahaririwa tena, pachika zote. Kama ni ya kuoneshwa tu, toa PDF, kisha endesha amri hii ya kifurushi cha Poppler: `pdffonts wasilisho.pdf`. Orodha itataja kila fonti iliyotumika, na safu ya emb isomeke yes kwa zote. Ulitarajia fonti ya chapa na Noto Sans. Ikitokea Arial katikati yao, kuna slaidi ambayo bado inaazima.