Kamba ya Kibosho na wodi ya Birmingham

Ndugu zangu wa Moshi wakisikia nauguza wagonjwa wa akili huku Birmingham, jibu lao ni lile lile: "Wazungu wanafungia watu wao wodini, sisi tunawatunza nyumbani." Hapo ndipo tunapoanza kubishana.

Sheria ya afya ya akili ya hapa Uingereza, ya mwaka 1983, inaruhusu mtu kulazwa asipotaka. Anaweza kushikiliwa hadi siku 28 ili achunguzwe, au hadi miezi sita ili atibiwe. Lakini daktari halazi mtu kwa amri yake. Kwa kawaida madaktari wawili hupendekeza, kisha ombi huandikwa na mtu mwingine ambaye si daktari, mara nyingi afisa ustawi wa jamii aliyesomea kazi hiyo na kuidhinishwa. Kazi yake ni kuuliza kama hakuna njia inayombana mgonjwa kidogo zaidi. Asiporidhika, hasaini.

Nitoe mfano niliouchanganya kutoka visa vingi. Kijana anaamini jirani ametia sumu kwenye maji. Halali, hali, amepungua mpaka suruali inamvuka. Madaktari wawili wanasema alazwe. Afisa anakaa naye sebuleni, anagundua kwamba soda ya kopo anakunywa, kwa kuwa anaifungua mwenyewe. Dada yake yuko tayari kulala pale, na vidonge amekubali kujaribu. Basi halazwi. Sisi wauguzi wa majumbani tunapita asubuhi na jioni, tunamwona akimeza dawa, tunaangalia anakula nini. Siku ya tatu anatufungia mlango, na dada anasema hata kopo ameacha. Sasa njia nyepesi imejaribiwa ikashindwa. Analazwa ili achunguzwe, na karatasi ina tarehe ya mwisho. Ndani ya siku 14 za kwanza anaweza kukata rufaa kwa baraza lenye jaji, daktari na mjumbe wa tatu.

Hapo ndipo maadili ya tiba yanapogombana. Uhuru wa mtu kujiamulia unasema mwacheni, wajibu wa kumtendea mema unasema mchukueni kabla hajafa kwa kiu. Kanuni ya kumbana kidogo iwezekanavyo haiuondoi ugomvi huo. Inachodai ni kwamba kila uhuru unaochukuliwa uwe na sababu yake, na urudishwe sababu ikiisha. Tena ukimnyima mtu uhuru wake kwa jina la matibabu, unadaiwa matibabu yenyewe, si kitanda na kufuli tu.

Mtoto wa mama yangu mdogo, kule Kibosho, alipougua alifungwa kamba miguuni katika stoo ya ndizi nyuma ya nyumba. Waliomfunga walimpenda; baba mkubwa alimpelekea mtori mwenyewe. Walishachoka kumtafuta usiku kwenye mifereji, na nauli ya kumshusha mjini hospitali haikuwapo. Lakini jiulize nani aliisaini kamba ile, na iishe lini? Nani mwingine alikuja kuitazama? Angemlalamikia nani? Ndiyo maana nasema ukali wa kizuizi haupimwi kwa jina la mahali. Stoo iko nyumbani, na bado ilimbana kuliko wodi yoyote niliyofanyia kazi.

Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, kwa hiyo tusijidanganye kwamba pengo ni karatasi. Kinachokosekana ni yule muuguzi wa kupita asubuhi na jioni. Bila yeye, familia inabaki na kamba au hospitali ya akili ya Mirembe, na Dodoma ni mbali.

Huku nako si peponi, jamani. Watu weusi Uingereza wanalazwa kwa lazima zaidi ya mara tatu kuliko weupe, na mimi mwenye rangi hiyo hiyo ndiye ninayeshika funguo. Sheria ni moja, ila jicho linaloamua nani ni hatari si moja. Haki nayo ni kanuni ya maadili, na kwenye hilo tumefeli.

Mdogo wangu yule sasa anachomwa sindano kila mwezi, analima, anatania watu. Desemba iliyopita tulikaa naye, akiwa na akili zake timamu, tukaandika kwenye daftari anachotaka akianza tena. Dalili yake ya kwanza ni kuacha kulala. Aitwe mwalimu wake wa zamani, maana huyo anamsikiliza. Sindano anaikubali, vidonge hapana. Kamba asifungwe; ikibidi kushikwa, washike watu anaowajua, wamwambie wanampeleka wapi. Baba mkubwa alisoma, akakaa kimya kidogo, akauliza kama nauli ya hospitali nayo iandikwe ni ya nani. Tukaandika: yangu.