Krosova kuchelewa sio ugonjwa, usikimbilie kupunguza namba

"Krosova inakwambia nunua wakati bei ishapanda, ya nini sasa?"

Krosova ni pale laini mbili za wastani wa bei kwenye chati, fupi na ndefu, zinapokatana, fupi ikikata kupanda unanunua, ikikata kushuka unauza. Inachelewa kweli, na hakuna setingi itakayoiondolea hilo, maana laini zenyewe ni SMA, yaani wastani wa kawaida, na SMA 20 ni bei za kendo 20, tuseme siku 20, zimejumlishwa zikagawanywa kwa 20, kwa hiyo za zamani bado zinaivuta nyuma. Tuseme bei inashuka 1 kila siku, inagonga 100, halafu inapanda 1 kila siku. Siku ya 9 SMA 10 iko 104.5 na SMA 20 iko 105, bado. Siku ya 10 ile fupi inafika 105.5, imekata, ila bei ishakuwa 110. Kushuka nako ni hivohivo, bei ikigeukia 120 krosova ya kuuza inakuja 110, yaani umeingia 110 umetoka 110, toa spredi, ile tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza, hapo umekula hasara.

Hapo ndo watu wanakimbilia 5 na 10. Na kwenye mfano huohuo ungeingia 105 ukatoka 115, raha kabisa. Lakini mfano wangu umenyooka kama rula, chati ya kweli inatikisika, na soko likikaa kwenye renji, linapanda na kushuka palepale tu, hizo laini fupi zinakatana kila baada ya kendo chache, kila mara unalipa spredi na kila mara unatoka na kahasara. Huko kuchelewa ndo bei unayolipa ili usifukuze kila mtikisiko, na hiki wanaoiponda krosova huwa hawakihesabu.

Wana hoja nzuri lakini, S&P 500, ile fahirisi ya hisa za Marekani, mwaka 2020. Bei iligonga chini Machi 23, krosova ya 50 na 200 ikatoa ishara ya kuuza Machi 30, wiki nzima baada ya chini! Ila pea hiyohiyo ilikata kushuka Desemba 2007, na chini kabisa ikaja Machi 2009. Anguko la mwezi mmoja limeipita, la zaidi ya mwaka imelikamata.

Sasa kubadilisha namba kwa kila soko ni sawa, ila kwa sababu inayoeleweka. Hisa zinatredi siku 5 kwa wiki, kripto siku 7, kwa hiyo 200 ya hisa ni kama wiki 40 na ya kripto haifiki hata wiki 29. Ukitaka muda uleule kwenye kripto weka 70 na 280.

Kingine, pima swingi za soko lako kutoka chini mpaka juu zina kendo ngapi. Pale fupi ikiwa nusu ya ndefu, kama 10 na 20, unapoteza karibu kendo 10 kuingia na 10 kutoka, so swingi nyingi zikiwa chini ya kendo 20 hiyo pea haikufai hapo, hata kama bakitesti, yaani kuijaribu kwa bei zilizopita, ya mwezi mmoja imekuchekea.