Kanga ya marehemu bibi ilivyonusurika kuvunja ukoo

Mimi kazi yangu ni studio, ndogo tu, hapa Tanga, napiga paspoti saizi na kusafisha picha za zamani. Basi siku hiyo akaja mzee mmoja ana picha ya marehemu mama yake kwenye simu, wanataka kuiprinti saizi ya A1 waitundike kwenye kikao cha ukoo. Nikaivuta kidogo tu uso ukawa mabokisi. Nikamwambia mzee wangu shikamoo lakini hii hapana, imepigwa na simu juu ya picha halafu ikapita WhatsApp, niletee karatasi yenyewe.

Akaileta. Blakandwaiti ya miaka ya sabini, sentimita 6 kwa 9, imegeuka rangi ya chai. Nikaiskani kwa 1200 dpi nikapata kama pikseli 2,800 kwa 4,250, pikseli za kutosha kabisa ila bibi mwenyewe alitikisika wakati anapigwa, kwa hiyo skana ikanipa ukungu uleule mkubwa zaidi na vumbi juu yake. Uso unavumilika. Kanga ndo balaa. Pindo limebaki bendera nyeusi, mji ni madoa ya kijivu, na jina pale chini ni mstari mweupe kama mtu kafuta na chaki.

Mzee anasema hiyo kanga nataka ionekane, mama alikuwa mtu wa kuvaa.

Nikaanza na ile programu ya AI ya kung'arisha picha. Jamani. Ikatoa maua ya shuka la gesti, na kwenye jina ikaandika herufi ambazo siyo Kiswahili siyo Kiarabu siyo chochote, maana pale hamna data, inabuni tu inachodhani kinafanana. Nikafuta.

Nikaenda kwa mama muuza vitumbua jirani, nikaazima kanga yake iliyokuwa kambani, nikaitandaza nikaipiga picha kwa juu. Nikaigeuza blakandwaiti, nikailaza juu ya bibi kwa Multiply ili vivuli vya mikunjo ya zamani vitokee, nikapitisha Displace ili maua yafuate mikunjo, maana bila hivyo inakaa kama kibandiko. Weusi wake nikaupandisha ufanane na ule uliochuja wa picha, halafu nikaiua makusudi kwa Gaussian Blur na Add Noise kidogo mpaka ukungu wake na chenga zake zilingane na za uso. Jina nililiacha, kanga bila jina ni pazia, na kwa ukungu ule nani angelisoma? Ikakaa vizuri mno, we ungeapa ndo alivyovaa siku ile.

Mzee kuja kuangalia, uso ukakunjamana. "Fundi, mbona kanga yenyewe hata haisomeki? Mimi nimelipia nini sasa?" Nikamweleza, mzee wangu kanga haiwezi kuwa kali kuliko macho ya aliyeivaa, itaonekana ya kubandika. Wapi. Toa ukungu, toa ukungu. Basi mteja ni mfalme, nikatoa, tukaprinti. Bibi macho yake ni vidoa viwili vya ukungu, chini shingoni unahesabu nyuzi za kanga.

Jioni ya kikao napigiwa simu niende haraka, nafika nakuta watu wamenuna upande huu na upande huu. Ndo nasoma vizuri mimi mwenyewe, herufi kubwa, A1 nzima: HASIDI HANA SABABU. Na marehemu alikuwa bi mkubwa, na bi mdogo yupo hai, kakalishwa mkekani mbele kabisa, anatazamana na picha. Watoto wake wanauliza hasidi nani hapa?

Kumbe yule bibi mdogo anacheka. Akasema hii kanga si ya dada, mimi siku ile ya picha nilikuwepo, tulinunua doti moja tukagawana, kipande changu ninacho. Akamtuma mjukuu sandukuni. Nikashukuru Mungu, maana hiyo ndo dawa halisi, kanga zinauzwa pea na vipande vyote viwili vinafanana mpaka jina, hapo hubahatishi tena unapiga picha kitu chenyewe. Nikaikunjua mbele ya watu wote, jina likajitokeza: MTAISHIA KUNAWA.

Kimya. Halafu mashangazi wakaanza kuziba midomo na mitandio, macho yote kule kwenye kona, kwa bibi mmoja aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, ambaye ndo kwanza najulishwa kuwa aliwahi kuolewa hapo mke wa tatu, akaachika.

Mzee akanivuta pembeni, ananong'ona, "Fundi, ule ukungu wako bado unao kwenye kompyuta?"