Umekosea namba? Usimpigie aliyepokea kwanza

Lile tangazo limerudi tena kwenye magrupu ya WhatsApp: "Ndugu uliyepokea laki na themanini kimakosa, mwogope Mungu, rudisha." Aliyeandika ana uchungu, sawa. Ila hapo amemtangazia mwenye bahati yake kwamba anatafutwa, basi akatoe haraka.

Na chini yake washauri hawakosekani: "Mpigie umwombe kistaarabu." Jamani, acheni kushauri hivyo! Huo ustaarabu ndio unaowapotezea watu hela.

Mtandao wa simu unaporudisha muamala, unachukua salio lililopo kwenye akaunti ya aliyepokea. Haukufidii kutoka mfuko wake wenyewe. Laki na themanini ikiwa bado imo, inaweza kuzuiwa. Ikiwa imebaki elfu tatu, hakuna cha kuzuia, hata ulie vipi kwenye simu. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuwahi salio, na mwenye uwezo wa kulizuia ni mtandao, si huyo unayetaka kumbembeleza.

Chukua mfano wa dada wa Mbagala anayemlipa fundi wa madirisha 180,000. Namba ya fundi inaishia 47, yeye kaandika 74. Jina lilitokea kwenye skrini kabla hajaweka namba ya siri, hakulisoma. Akimpigia aliyepokea, huyo ambaye pengine hakuwa hata ameiona meseji sasa anaifungua. Wakala yuko hatua kumi kutoka mlangoni kwake, na kwa Dar hii ni hatua tano. Dada anapoambiwa "subiri niko kwenye daladala, nikishuka nakutumia", hela inahesabiwa dirishani kwa wakala.

Akipiga 100 ya huduma kwa wateja kwanza, kwa laini ileile iliyotuma, mambo ni mengine. Asifute meseji ya muamala, maana mhudumu atataka kumbukumbu namba iliyomo humo, kiasi, saa, na namba iliyopokea. Aitaje na namba aliyokusudia, hata asipoulizwa. Kati ya 47 na 74 kila mtu anaona kidole kilipoteleza, na hiyo inampa dai lake uzito. Aombe namba ya malalamiko na aiandike. Bila hiyo, kesho atasimulia upya kwa mhudumu mwingine, baada ya muziki uleule wa kusubiri. Kama menyu ya mtandao wake ina sehemu ya kurudisha muamala uliokosewa, aanzie huko asisubiri foleni ya simu.

Kuna mwizi mwingine hatajwi: deni. Aliyepokea akiwa anadaiwa Songesha au mkopo mwingine wa namna hiyo, hela ikiingia tu deni linakatwa lenyewe. Anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa na bado salio likawa pungufu kabla hajashika simu.

Ukituma kwenda mtandao mwingine, jiandae kusubiri zaidi. Mtandao wako hauna mkono ndani ya akaunti za jirani, unabaki kuwasiliana nao wazuie wao. Anza kwako hata hivyo, kwa sababu rekodi ya kutuma iko kwako.

Hela ikishazuiwa, aliyepokea huulizwa kama anakubali irudi. Hapa watu hufoka: "Ni hela yangu, kwa nini aulizwe yeye?" Nami utaratibu huo sikuupenda, mpaka nilipomfikiria mwenye duka Kariakoo. Mteja analipa, anabeba mzigo, akifika Msimbazi anapiga simu kulia kwamba alikosea namba. Ingekuwa kila kilio kinarudisha hela papo hapo, wenye maduka wangeshafunga. Haya, waulize. Lakini wazuie kwanza ndipo waulize!

Akikataa, au akiwa ameshatoa, mtandao hautakupa taarifa zake ukamfuate nyumbani. Nenda polisi na meseji yako na namba ya malalamiko, uchukue RB. Ni njia ndefu, na kwa elfu kumi wengi huiacha, siwalaumu.

Kama ulimpa wakala taslimu aweke moja kwa moja kwenye namba ya mtu na namba ikakosewa, rudi kwake mbio. Muamala umetoka kwenye laini yake, hivyo yeye ndiye wa kuripoti.

Na tafadhali, usiweke picha ya muamala kwenye maoni ya ukurasa wa mtandao wako wa simu. Dakika chache tu atakuja "huduma kwa wateja" mwenye nembo nzuri, pole nyingi na ombi moja dogo: namba yako ya siri, "ili tukurudishie". Mhudumu wa kweli haiombi. Namba ya huyo itume kwenda 15040, ndiko zinakoripotiwa namba za matapeli.