Lori likipita Rusumo bila kusimama, ramani imedanganya

Kila nikiona slaidi ya ramani ambayo kilori kinateleza kutoka bandarini Dar es Salaam hadi Kigali kwa mkupuo mmoja, naona kazi nzuri iliyoharibika. Mwandaaji amehangaika kuchora njia, ameliweka lori, amelipatia mwendo, halafu kile ambacho mteja alikuja kukisikiliza kimerukwa. Mteja hana shida ya kujua kwamba mzigo unakwenda magharibi. Anataka kujua unakaa wapi, unakaguliwa wapi, na nani anaushika hapo. Mwendo usioonyesha kusimama haujamwambia lolote ambalo mstari mwekundu wa kawaida usingemwambia.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kwenye PowerPoint, njia ya safari ikatwe vipande, kila kipande kiishie mahali ambapo mzigo kweli unasimama, na kila kipande kiondoke kwa kubofya. Naandaa slaidi za watu wa usafirishaji na uwakala wa forodha, na njia hii ya kwenda Rwanda naijua vizuri, kwa hiyo nitaitumia kama mfano.

Barabara yenyewe inatoka Dar es Salaam, inapita Chalinze, Morogoro, Gairo na Dodoma. Toka hapo inakwenda Manyoni, Singida, Igunga, Nzega, Isaka, kisha Kahama, Ushirombo, Lusahunga hadi daraja la Rusumo juu ya mto Kagera, na kutoka hapo inaingia Rwanda hadi Kigali. Ukitaka kuonyesha miji yote hiyo utamchosha mtazamaji. Mimi huchagua vituo vitatu vya kati: Dodoma, Isaka penye bandari kavu, na Rusumo penye kituo cha pamoja cha mpakani. Hivyo napata vipande vinne.

Kabla ya kugusa mwendo wowote, naweka vidoto vidogo vya duara juu ya ramani, kimoja kwa kila kituo. Vidoto hivi vina kazi mbili. Mtazamaji anaviona kama vituo, na mimi navitumia kama shabaha ya kubofya, kwa sababu tatizo kubwa la njia iliyokatwa vipande liko kwenye maungio.

Sasa lori. Nalichagua, nafungua Animations, kisha Add Animation, nashuka hadi Motion Paths na kuchukua Custom Path. Nabofya katikati ya lori lililosimama Dar, nabofya tena kila barabara inapokata kona, yaani Chalinze, Morogoro, Gairo, na nikifika katikati ya kidoto cha Dodoma nabofya mara mbili haraka kumaliza. Usiburute kipanya huku umekishikilia. Mkono hutetemeka, na lori litatembea kama dereva wake amesinzia. Kona chache zinatosha, na iliyokaa vibaya inarekebishwa baadaye kwa kubofya njia kwa kitufe cha kulia na kuchagua Edit Points.

Kipande cha pili ndipo wengi wanapopotea. Ukienda kwenye ile safu ya michoro ya mwendo na kubofya Custom Path moja kwa moja, bila kupitia Add Animation, kipande cha kwanza kinafutwa na kipya kinakaa mahali pake. Hakuna onyo. Ukiona kwenye Animation Pane kuna mstari mmoja tu ilhali umechora njia mbili, ujue ndicho kilichotokea. Kwa hiyo ni Add Animation kila mara, kwa kila kipande, juu ya lori lilelile.

Jambo lingine ni kwamba lori unaloliona wakati wa kuandaa bado liko Dar. Halijahamia Dodoma, kwa sababu mwendo unatokea tu wakati wa kuonyesha. Lakini kipande cha pili lazima kianzie Dodoma, hivyo unabofya katikati ya kidoto cha Dodoma, si juu ya lori. Ukikosea hata milimita chache, siku ya kuonyesha lori litafika Dodoma vizuri, na ukibofya tena litaruka kidogo pembeni kabla ya kuondoka. Mruko huo mdogo ndio dalili. Dawa yake ni kukuza slaidi hadi asilimia 400, kuchagua kipande cha pili, na kuvuta alama ya kijani ya mwanzo mpaka ikae juu ya alama nyekundu ya mwisho wa kipande cha kwanza. Ukichagua njia, PowerPoint huonyesha kivuli cha lori pale linapoishia, na kivuli hicho kinasaidia kulinganisha.

Kumbuka pia kwamba kinachofuata mstari ni kitovu cha umbo zima. Kwa lori au duara hakuna shida. Kwa ile pini ya ramani yenye ncha chini ni shida kweli, kwa sababu tumbo la pini litafuata barabara huku ncha yake ikielekeza kusini kidogo ya kila mji. Kwenye ramani ya nchi nzima, kukosea huko kunaweza kuihamisha Isaka hadi Tabora. Ninachofanya ni kuchora mstatili usio na rangi wala mpaka, wenye urefu sawa na pini, nauweka chini yake hadi ukingo wake wa juu uguse ncha, kisha naviunganisha viwili hivyo kwa Group. Kitovu cha kundi sasa kiko kwenye ncha, na ncha ndiyo itakayotembea juu ya barabara.

Lori nalo lina lake. Safari hii inakwenda magharibi, yaani kushoto kwa skrini, na lori linalotazama kulia litaonekana linarudi nyuma hadi Kigali. Lipindue kwa Flip Horizontal kabla ya kuanza. Kama ni picha yenye maandishi ubavuni, maandishi yatasomeka kinyume, kwa hiyo tafuta lisilo na maandishi. Na usitegemee lori lipinde pua kufuata kona, kwa kuwa PowerPoint haina chaguo hilo. Wanaotumia Keynote wanalo. Unaweza kuongeza Spin ianze pamoja na kila kona, lakini ni kazi kubwa kwa faida ndogo, na mimi sioni sababu. Kwenye njia yenye kona nyingi natumia duara jekundu, ambalo halina mbele wala nyuma.

Tuje kwenye mwendokasi, na hapa nina ubishi na wenzangu wengi. PowerPoint huanza kila njia na sekunde 2, iwe ndefu au fupi. Ukiacha hivyo, Isaka hadi Rusumo na Rusumo hadi Kigali zitachukua muda sawa, ilhali ya kwanza ni kama mara mbili ya ya pili. Nchi inaonekana kubana na kutanuka. Dar hadi Dodoma ni kama kilomita 450, Dodoma hadi Isaka ni zaidi kidogo ya 500, Isaka hadi Rusumo ni zaidi ya 300, na Rusumo hadi Kigali ni kama 160. Nikihesabu sekunde 1 kwa kila kilomita 150, napata sekunde 3, 3.5, 2 na 1. Naziandika kwenye Duration ya kila kipande. Mtazamaji hataziona hizo namba, lakini jicho lake litasoma umbali bila kuambiwa.

Kuna pia Smooth start na Smooth end, ambazo utazikuta ukibofya kipande mara mbili ndani ya Animation Pane. Kwa kawaida zimegawana muda nusu kwa nusu, yaani lori linaongeza mwendo hadi katikati ya njia kisha linapunguza hadi mwisho. Kwenye kipande kinachoishia kituoni ni sawasawa, maana ndivyo lori linavyofanya. Lakini kama umegawa kipande mahali ambapo lori halisimami, mathalani umetaka rangi ibadilike likifika Singida, utaliona linajikokota, linasita, linaondoka tena. Hapo shusha Smooth end ya kipande cha kwanza na Smooth start ya kinachofuata hadi sifuri, na kipande cha pili ukiweke After Previous. Mwendo ukishaungana, hakuna atakayejua kuna kiungo.

Vipande vya vituoni viwe On Click. Najua wapo wanaopenda kuweka Delay ya sekunde kadhaa ili kila kitu kijiendeshe. Mbele ya watu sikubaliani nayo hata kidogo. Lori likiwa Rusumo ndipo mtu wa fedha atakapouliza nani analipa siku za kusubiri, na swali hilo halina urefu unaojulikana. Lori lisimame mpaka jibu liishe. Wakati limesimama, nabofya orodha fupi ya nyaraka ijitokeze kando ya kidoto, nabofya tena iondoke, na bofyo linalofuata ndilo linalolivusha daraja.

Slaidi ya mchakato, yaani ile yenye visanduku vya hatua badala ya ramani, inafuata mantiki hiyohiyo, ila pale kilicho na thamani ni njia ya kurudi. Faili likitoka kwa wakala kwenda forodhani na kurudishwa kwa sababu ankara haikulingana, faili hilo lichorwe likirudi. Chora kipande kingine chenye mkunjo unaopita chini ya visanduku, kisijifiche juu ya njia ya kwenda.

Amua ukubwa wa slaidi mapema. Njia ya mwendo huhifadhiwa kama sehemu ya upana na kimo cha slaidi, haihifadhiwi kwa sentimita. Ukihama kutoka 4:3 kwenda 16:9 baada ya kuchora, njia hazitakaa tena juu ya barabara zake, na itabidi uzirekebishe moja moja. Vivyo hivyo ukisogeza ramani peke yake: ramani inahama, njia zinabaki. Chagua ramani, vidoto na lori kwa pamoja ndipo usogeze, na hakikisha njia ziko Unlocked ili zifuatane na lori.

Na mteja akiomba nakala, usimtumie PDF ya slaidi hiyo. Humo lori litabaki limepaki Dar es Salaam. Mtengenezee slaidi ya pili isiyo na mwendo, yenye mistari minne iliyochorwa, vituo vilivyopewa namba, na kando ya kila namba muda wa kusubiri na nyaraka zinazotakiwa hapo.