Bahari ya choroko

Wiki iliyopita nilirusha kwenye kundi la familia mchezo wetu wa sauti. Ni dakika saba tu: mvuvi anaondoka usiku, mkewe anamfuata mpaka ufukweni, wanagombana huku dau linasukumwa majini. Shemeji yangu wa Dar aliusifia sana, mpaka nilipofanya kosa la kumwambia kwamba mawimbi yale ni choroko kwenye ungo. Akageuka papo hapo. "Shemeji, mnakaa Bagamoyo, bahari mlangoni, halafu mnatusikilizisha choroko? Si utapeli huo?"

Utapeli! Haya.

Tulianza na hiyo hiyo bahari yake. Alfajiri tatu nimesimama ufukweni na simu, suruali imelowa mpaka magotini. Tukija kusikiliza nyumbani tunakuta shaaaaa moja ndefu, kama redio iliyopoteza stesheni, na juu yake upepo unagonga maikrofoni bubububu. Ukiwa pale pwani macho yanakusaidia, unaliona wimbi linavyojikusanya na linapovunjika. Sikio likiachwa peke yake halioni kitu. Na simu yangu ina kiherehere chake: wimbi likipiga inapunguza sauti yenyewe, maji yakirudi inaongeza, mwishowe kishindo na utulivu vinalingana. Sasa bahari isiyopanda wala kushuka ni bahari gani?

Ndipo nikachukua ungo wa mama. Mchele tuliujaribu kwanza, ukatoa mchakacho mwembamba kama mtu anafagia. Choroko ni nzito na zinabingirika. Vibaba viwili vinatosha. Ukijaza zinarundikana, na unasikia kokoto zinamwagwa. Unauinamisha ungo polepole mpaka choroko zianze kuteremka zenyewe, unaziacha zikusanyike upande mmoja, unatulia kidogo, kisha unazirudisha. Simu inakaa chini ya ungo, kama shibiri moja, si juu yake, maana juu utasikia punje moja moja zikigonga ukingo, ta-ta-ta, na hapo siri imefichuka. Sisi tuliuzungushia ukingo kanga iliyokunjwa, ta-ta-ta ikaisha.

Hata hivyo bado ilikuwa bahari ya kwenye beseni. Kilichoipa ukubwa ni Audacity, programu ya kuhariri sauti: kwenye `Change Speed and Pitch` nilipunguza kasi kwa asilimia 30, sauti ikawa nzito na wimbi likarefuka. Nikarekodi mawimbi matatu ya urefu tofauti na kuyapanga yakipishana. Ukirudia moja tu, msikilizaji halijui kosa ni nini, ila baada ya nusu dakika anahisi anasikiliza mashine. Halafu nikayashusha chini ya maneno. Kipimo changu ni spika ya simu ya kawaida, maana wengi ndiko watakakosikilizia: kama neno la mwisho la sentensi linazama, mawimbi bado yako juu.

Mengine hayakutusumbua hivyo. Dau linalolalamika ni kitanda cha kamba, mtu anajigeuza juu yake taratibu. Moto wa kule ufukweni ni karatasi za biskuti zinazofinyangwa, maana mfuko wa rambo, uliokuwa mzuri zaidi kwa kazi hiyo, umepigwa marufuku tangu Juni 2019. Sauti za waigizaji tulirekodi chumbani, blanketi limetundikwa nyuma ya anayesema, friji imezimwa. (Friji tuliisahau mpaka usiku. Samaki wa mama sitaki kuwazungumzia.)

Nikubali jambo moja, kwa shingo upande. Zogo la soko la samaki mwanzoni mwa mchezo ni la kweli, nililirekodi kwa mbali nikiwa nimejibanza nyuma ya ukuta usiopitisha upepo. Watu wanne hawawezi kuigiza mnada, tulijaribu, ikasikika kama kikao cha harusi. Kwa hiyo sina ugomvi na kitu cha kweli. Ugomvi wangu ni na mtu anayedhani maikrofoni inasikia kama yeye.

Kwani shemeji, yule mke anayelia dakika ya tano, unadhani alikuwa amefiwa? Alikuwa amemaliza kula embe. Hilo hukuliita utapeli, ulituma vikatuni vya machozi vitatu, navihesabu hapa. Mwigizaji aigize kilio, sawa; choroko ziigize bahari, haramu?

Shemeji anakuja sikukuu ya Idi. Nimeshamwambia mama ungo usirudi jikoni. Choroko zenyewe tulizila Ijumaa, za nazi, kwa hiyo atakuja na vibaba viwili vyake.