Kati ya Septemba na Januari

Kila mwaka ikifika Septemba, darasa la saba wakimaliza mtihani wao, simu yangu hapa Minnesota huanza kuita usiku wa manane. Wa nyumbani Shinyanga wanajua saa zetu hazilingani, ila jambo la binti halisubiri. Kwa wanaolifahamu eneo letu, kipindi cha kuanzia siku ya mtihani hadi siku ya kuripoti kidato cha kwanza ndicho mabinti wengi wanapochukuliwa kwenda kuolewa. Mahindi yanakuwa hayajapandwa, ng'ombe wamekonda, na binti yuko nyumbani bila sare wala mwalimu wa kumwita jina asubuhi.

Huku ughaibuni Watanzania tukikutana, mazungumzo ya ndoa za utotoni huishia palepale: sheria ibadilishwe, umri uwe 18, basi. Naunga mkono sheria ibadilishwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vifungu vya 13 na 17, inamruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alivipinga vifungu hivyo Mahakama Kuu akashinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakazia hukumu hiyo Oktoba 2019, ikiipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ule ukapita, vifungu vikabaki vilevile. Lakini nimekaa Marekani miaka ya kutosha kujua kwamba si umri wa ndoa uliowaweka mabinti wa huku darasani.

Minnesota yenyewe ilipiga marufuku ndoa za walio chini ya miaka 18 mwaka 2020 tu. Kabla ya hapo, binti wa miaka 16 aliweza kuolewa kwa ridhaa ya mzazi na jaji. Jimbo la kwanza kufunga mlango kabisa lilikuwa Delaware, mwaka 2018. California, wanayoisifu kwa kila kitu, sheria yake haina hata umri wa chini kabisa, ilimradi mzazi na mahakama waridhie. Kwa hiyo Mmarekani akianza kunihubiria kuhusu mila zetu huwa namsikiliza kwa adabu, kisha namuuliza harusi ya bibi yake ilifungwa bibi akiwa na miaka mingapi.

Tofauti naiona kwingine. Hapa mtoto analazimika kusoma hadi afike miaka 17, na sheria hiyo inafuatiliwa. Binti yangu alipougua mafua nikasahau kutoa taarifa, kabla ya saa nne simu ya shule ikalia, sauti ya mashine ikisema mtoto hajaonekana darasani. Asiyehudhuria siku saba bila ruhusa anahesabiwa mtoro sugu, na kesi yake inaweza kufika kaunti. Basi la njano linamchukulia karibu na mlangoni. Akifeli hesabu, anarudia hesabu. Hakuna mtihani mmoja wa utotoni wa kumwambia kwamba safari yake ya shule imekwisha.

Kwetu upo. Mwaka 2016 tulitunga sheria kali: anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Wengi tulishangilia. Lakini neno linalobeba kifungu kile ni "mwanafunzi". Binti aliyefeli darasa la saba akakosa kuchaguliwa si mwanafunzi tena. Akifika miaka 15, mzazi akiridhia, ndoa yake ni halali kwa sheria ya 1971. Sheria inamlinda aliye darasani na kumwachia aliye nje, na mtihani wa Septemba ndio unaoamua nani yuko upande gani. Vijijini kwetu jambo hili linaeleweka vizuri kuliko linavyoeleweka Dodoma. Ndiyo maana unasikia binti akinong'onezwa kabla ya mtihani: jaza ovyo, usituletee gharama.

Mpwa wangu hakujaza ovyo. Alifaulu, akapangiwa shule ya kata iliyo mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kwao. Ada hakuna tangu 2016, hilo tulipongeze. Lakini ziko sare, viatu, madaftari na michango ya chakula, na kubwa kuliko yote ni geto: chumba cha kupanga karibu na shule, ambako mabinti wawili watatu wanajipikia na kulala bila mtu mzima. Mvua za vuli ziligoma mwaka ule. Shemeji akanipigia.

"Shemeji, kuna watu wamekuja, wanyoofu tu. Wanataja ng'ombe kumi na wawili. Wewe kama mjomba una wako."

Nikamwambia mtoto ana nafasi kidato cha kwanza. Akanijibu taratibu, bila hasira: "Huko geto nani atamlinda? Akirudi na tumbo, hao ng'ombe nitawaona wapi? Na hawa niliobaki nao zizini, wakifa kabla ya Machi, wadogo zake watakula nini?"

Sioni ukatili katika maswali hayo. Ni hesabu, na wapo wachumi walioipima. Lucia Corno, Nicole Hildebrandt na Alessandra Voena, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, walilinganisha rekodi za mvua na umri wa wanawake kuolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara na India. Huku Afrika, ambako mahari inakwenda kwa wazazi wa binti, mwaka wa ukame uliongeza ndoa za utotoni kwa takriban asilimia 3. India, ambako familia ya binti ndiyo inayotoa mali, ukame huohuo ulizipunguza kwa takriban asilimia 4. Tatizo moja, njaa ileile, matokeo yanapingana kwa sababu mali inasafiri kwa mwelekeo tofauti. Anayesema wazazi wanaozesha kwa sababu hawajaelimika, anieleze jua linabadilishaje elimu ya mzazi ndani ya msimu mmoja.

Hapa kuna swali gumu ambalo wanaharakati wengi hulipita mbio: je, ndoa ndiyo inayomtoa binti shuleni, au anaolewa kwa sababu ameshatoka? Ukilinganisha tu walioolewa mapema na waliochelewa utadanganyika, maana walioolewa mapema ndio maskini zaidi na ndio wangeacha shule hata wasingeolewa. Erica Field na Attila Ambrus walipata njia ya kulikwepa tatizo hilo Bangladesh, katika utafiti wa mwaka 2008. Huko binti akivunja ungo tu, posa zinaanza. Umri wa kuvunja ungo hauchagui tajiri wala maskini kwa namna ambayo utajiri wenyewe unachagua ndoa, kwa hiyo wakautumia kama kipimo. Kila mwaka mmoja ambao ndoa ilichelewa uliongeza masomo kwa mwaka 0.22, yaani kama miezi miwili na nusu hivi, na uwezo wa kusoma na kuandika ukapanda pia. Kwa hiyo ndoa inakata masomo kweli, hilo halina ubishi. Lakini nao Cynthia Lloyd na Barbara Mensch, walipopitia takwimu za nchi za Afrika zinazozungumza Kifaransa, waliona mabinti wengi walikuwa wameshaacha shule kabla ndoa au mimba haijafika. Mshenga anapobisha hodi, mara nyingi anamkuta binti tayari yuko jikoni.

Hata Marekani imeliona. Gordon Dahl alitumia tofauti za sheria za majimbo katikati ya karne iliyopita, za umri wa kuolewa na umri wa kuacha shule, kupima yaliyowapata wanawake baadaye. Aliyeolewa akiwa binti mdogo alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa maskini ukubwani, kwa pointi 31 za asilimia. Aliyeacha shule, pointi 11. Vyote viwili vinaumiza, na sheria za vyote viwili zilifanya kazi kwa sababu kulikuwa na ofisi ya kuzitekeleza na shule ya kumpokea mtoto.

Basi nini kinafanya kazi kwetu? Magharibi mwa Kenya, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule za msingi 328. Katika baadhi ya shule hizo, watoto wa darasa la sita walipewa sare bure, na baadaye sare ya pili. Sare tu. Baada ya miaka mitatu, mabinti walioacha shule walishuka kutoka asilimia 19 hadi 16, na walioanza kuzaa kutoka 16 hadi 13. Ndoa nazo zikapungua. Inaonyesha ni wangapi walikuwa wamesimama ukingoni kabisa, wakisukumwa na bei ya shati na sketi.

Utafiti unaonisumbua zaidi ni wa Zomba, Malawi, wa Sarah Baird, Craig McIntosh na Berk Özler. Familia za wasichana ambao hawajaolewa zilipewa pesa kidogo kila mwezi. Kundi moja lilipewa kwa sharti la binti kuhudhuria shule, jingine bila sharti. Wenye sharti walibaki shuleni zaidi na wakasoma vizuri zaidi. Lakini kundi lisilo na sharti ndilo lililopunguza ndoa: zilikuwa chache kwa asilimia 44 kuliko kwa wasichana ambao hawakupewa pesa yoyote. Sababu yake ni rahisi: binti aliyeacha shule katika kundi la sharti alipoteza pesa siku hiyohiyo, akabaki hana shule wala senti, akaolewa. Mwenzake aliendelea kupokea, akaweza kungoja. Watafiti walirudi baadaye, pesa zikiwa zimekoma, wakakuta faida nyingi za kundi lisilo na sharti zimeyeyuka.

Kosa la mfumo wetu ni lilelile la kundi la sharti. Ulinzi wetu wote tumeufunga kwenye udahili. Sera mpya ya elimu inafanya elimu ya lazima iwe miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari, na kama itatekelezwa mtihani wa kumwondoa mtoto akiwa na miaka 13 utakosa maana. Hiyo kwangu ni habari kubwa kuliko hotuba yoyote ya siku ya mtoto wa kike. Ila aliyeanza akiwa na miaka sita atamaliza kidato cha nne na miaka 16, na vifungu vya 13 na 17 vitakuwa vinamngoja mlangoni. Wala miaka kumi ya lazima haijengi bweni. Mratibu elimu kata asiye na mafuta ya pikipiki hatamfuata mtoro kilomita kumi porini.

Mpwa wangu hakuolewa. Tuliongea na shemeji mpaka salio likaisha, tukakubaliana nilipe chumba na chakula, lakini si cha geto: anaishi kwa mama mmoja mjane karibu na shule, mtu wa kanisani kwao, ambaye anajua amerudi saa ngapi. Ng'ombe wawili wa shemeji walikufa Februari. Sasa mpwa wangu yuko kidato cha tatu, na mdogo wake anafanya mtihani wa darasa la saba Septemba hii.